Nyayo za Nani?

Kiatu changu ni namba 43. Kwa karibu wiki mbili mwaka 2019 sikujua kwamba jambo hilo dogo ndilo lililokuwa likimtesa mtoto wa watu kila jioni uwanjani, na mimi nimesimama pembeni na filimbi mdomoni nikimwambia yeye ndiye mwenye kosa.

Nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi moja upande wa Ifakara, bonde la Kilombero. Michezo nilibebeshwa tu. Mwalimu aliyekuwa akiishika alihamishwa, kikao kikakaa, wenzangu wakatazamana, kisha wote wakanitazama mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote. Mashindano ya UMITASHUMTA ngazi ya kata yalikuwa yamebakiza wiki kama tano. Mpira wa miguu ulikuwa na wenyewe na netiboli ilikuwa na mama yake. Mbio za kupokezana vijiti hazikuwa na mtu, nikazichukua, na nikiri kwamba nilizichukua kwa sababu ya hesabu zake.

Chukua wasichana wanne, kila mmoja akimbie mita 100 peke yake, ujumlishe muda wao. Wa kwangu walikimbia 15.4, 14.3, 14.8 na 14.6, jumla sekunde 59.1. Sasa waunganishe kwenye mbio moja ya 4 mara 100. Kama vijiti vinapita vizuri, muda wa timu lazima uwe chini ya jumla hiyo kwa sekunde mbili hivi au zaidi, kwa maana watatu kati yao hawaanzi wakiwa wamesimama: kijiti kinawakuta tayari wako mbioni. Ndiyo maana Wajapani walichukua medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kwa sekunde 37.60, wakati hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Na ndiyo maana Wamarekani, wenye mbio kuliko karibu kila mtu, walitoka Beijing mwaka 2008 mikono mitupu, timu ya wanaume na ya wanawake zote zimeangusha kijiti kwenye mchujo. Wasichana wangu, mara ya kwanza niliposhika saa, walitumia 60.4. Yaani kukimbia pamoja kuliwachelewesha kuliko kukimbia kila mtu kivyake.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kujitengenezea. Kijiti nilikata kwenye bomba la maji la plastiki, sentimita 30, nikalilainisha ncha kwa msasa. Uwanja hauna njia za kukimbilia, basi niliazima futi kamba kwa fundi mmoja kwa siku moja, nikapima mzunguko kuzunguka uwanja wa mpira, na kwenye kila eneo la kupokezana nikafukia vipande vya matofali, mwanzo na mwisho, mita 30 kati yake. Chuoni nilifundishwa mita 20 na nyingine 10 za kujiandaa nyuma yake. Kanuni ilibadilika mwishoni mwa 2017, zikaunganishwa zikawa 30. Kijiti chenyewe ndicho kinachotakiwa kubadili mikono ndani ya eneo hilo, miguu ya mkimbiaji haihesabiwi.

Sasa nije kwa Tausi. Siyo jina lake, nimempa tu humu, na hao wengine nitawaita kwa majina ya utani waliyokuwa wakiitana. Alikuwa Darasa la Sita, mdogo wa umbo, anakaa dawati la tatu upande wa dirisha. Ukimuuliza swali anasimama, maana adabu anayo, kisha anatazama sakafu mpaka wewe mwenyewe unaona aibu na kumwambia akae. Daftari lake halikuwa na shida, majibu yote yamo humo. Sauti ndiyo haikuwepo. Wenzake walishazoea kumsemea: "Mwalimu, Tausi anasema anaomba ruhusa." Anasema wapi, hakuna aliyesikia.

Kwenye timu nilimweka mkimbiaji wa tatu. Sababu yake ilikuwa ya haki kabisa: wa kwanza na wa tatu wanakimbia kwenye kona, na Tausi kwenye kona alikuwa hana mpinzani. Wasichana warefu wakifika pale wanasukumwa nje, wanapanua duara, wanakimbia mita ambazo hakuna aliyewaomba. Yeye alikuwa akilala kidogo kuelekea ndani na kuukata mviringo kama anayefuata mfereji wa maji. Kwa hiyo wa kwanza alikuwa binti mmoja mpole wa Darasa la Saba, wa pili Baiskeli, ambaye jina linatosha kueleza, wa tatu Tausi, na wa mwisho Mlingoti.

Nilichosahau ni kwamba mkimbiaji wa tatu ana kazi mbili. Anapokea na anatoa, na kutoa kuna kelele ndani yake.

Kwa asiyejua: anayepokea hatazami kijiti. Anasimama mwanzoni mwa eneo, amegeuza shingo, macho yake yako kwenye alama iliyokwaruzwa chini nyuma yake. Mwenzake anayekuja akiikanyaga ile alama, yeye anageuka mbele na kukimbia kwa nguvu zote kana kwamba anafukuzwa, mikono ikienda kama kawaida. Hageuki tena. Anayekuja akimkaribia kiasi cha kumfikia, anapiga kelele ya neno moja, na hapo ndipo mkono wa aliye mbele unarudi nyuma, kiganja wazi, na kijiti kinawekwa. Ukinyoosha mkono mapema unakimbia kama kuku aliyevunjika bawa. Ukigeuka kutazama, mabega yanageuka nawe na mwendo unakufa. Kwa hiyo kila kitu kinasimama juu ya mambo mawili, ile alama ya chini na ile kelele.

Neno letu lilikuwa "Shika!" Baiskeli alilisema hadi walimu ofisini wakalisikia. Tausi alilisema kwa midomo. Mlingoti, aliye mbele yake, anakimbia, anakimbia, hasikii kitu, mwishowe anageuka kuona kama kuna mtu, na mtu yupo, amemnyooshea kijiti mgongoni na uso wote ni kuomba radhi.

Hilo la kelele nililiacha kwa muda kwa sababu la alama lilikuwa baya zaidi. Umbali wa alama hupimwa kwa nyayo: unasimama mwanzoni mwa eneo, unarudi nyuma kisigino kwa kidole, ukihesabu. Nilikuwa najua kwamba watu huanzia nyayo 20 hadi 25 hivi kisha hurekebisha, nikachagua 22 na kuwapa wote. Baiskeli akimpa Tausi, siku nyingine ilikuwa raha kutazama. Tausi anaondoka, Baiskeli anamfikia karibu na katikati ya eneo, kijiti kinaingia kiganjani wote wakiwa kwenye mwendo. Siku nyingine, Baiskeli anamkuta Tausi hata hajakolea, anamkanyaga kisigino, kijiti kinampiga kiunoni, wote wawili chini. Jumanne moja Tausi aliinuka goti limechunika, vumbi limeshika kwenye damu, na Baiskeli akaanza: "Mwalimu, huyu anachelewa kutoka! Nafika kwenye alama bado kasimama!"

Nami nikamwambia Tausi anachelewa kutoka. Nilimwambia Jumanne, nikamwambia Alhamisi, nikamwambia Ijumaa. Nilimwambia kwa upole na nilimwambia kwa ukali. Siku moja nilisema mbele ya wote kwamba akili yake haiko mchezoni, kwamba yupo yupo tu. Yeye alitazama chini. Nilidhani anatazama chini kwa sababu ndivyo alivyo.

Hapa nisimame kidogo niseme nilichokiona Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa kwenye baiskeli natoka kumwona rafiki ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Ilikuwa mwezi wa tano, mpunga umeinamisha vichwa, na huo ndio wakati wa kuamia ndege. Kwelea kwelea ni ndege mdogo, midomo myekundu, mmoja hana maana yoyote. Lakini hawaji mmoja, wanashuka kama blanketi, na wakishuka wakiachwa, mwenye shamba anavuna mabua. Kwa hiyo kuna madungu, na juu ya madungu kuna watoto na kamba za makopo na fito zenye bonge la tope nchani.

Nikasikia sauti. Haikuwa neno, ilikuwa kitu kama "Huyaaah-wé!", imeanzia tumboni, imekatwa kwa ghafla mwishoni, na blanketi zima la ndege likainuka upande wa pili wa shamba, mbali ambako mimi hata nisingejaribu kumwita mtu. Nikatafuta ni mama gani huyo mwenye mapafu. Juu ya dungu alikuwa Tausi, kwa kanga iliyofungwa shingoni, mkononi ufito. Akaniona. Akachutama nyuma ya makuti ya dungu, nikabaki naona unywele.

"Tausi."

Kimya. Kisha kutoka kwenye makuti, kwa ile sauti ya darasani: "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," nikasema, nikapanda baiskeli nikaenda zangu. Naona hadi leo kwamba hilo ndilo jambo moja la busara nililolifanya mwezi ule. Ningeanza kumsifu pale pale angehama shule.

Jumatano iliyofuata nilikuwa na kipindi mpaka saa kumi kasoro. Kama kawaida ya siku hizo, nilikuwa nimewaambia watangulie, wapashe misuli na wajipimie alama, nyayo 22. Alama ilibidi ipimwe upya kila siku, kwa sababu asubuhi uwanja ni wa kufagiwa na mchana ni wa kila mtu. Siku ambazo sikuwa na kipindi nilikuwa naitembea mwenyewe. Msomaji wa hisabati keshaona ninakokwenda. Mimi, mwalimu wa hisabati, sikuona.

Nilipofika, mbio ya kwanza ya majaribio ikaenda kama Jumanne ile. Baiskeli alimgonga, kijiti kikaruka kwenye nyasi. Nikapuliza filimbi na kuanza wimbo wangu: "Tausi, mara ngapi nimesema, akikanyaga alama tu wewe..."

"Mwalimu."

Sikumsikia mara ya kwanza. Mlingoti ndiye aliyesema, "Mwalimu, Tausi anaongea," kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba mbuzi anasoma gazeti.

Tausi alikuwa amesimama kwenye alama. Macho chini, ndiyo, lakini safari hii niliona anatazama nini. Alikuwa anatazama mguu wangu.

"Nyayo 22," akasema, "za nani?"

Niliuliza anamaanisha nini. Hakujibu kwa maneno. Alirudi mwanzo wa eneo, penye tofali, akaanza kutembea kisigino kwa kidole, peku, akihesabu kwa midomo, hadi 22, akakwaruza mstari. Ukaangukia juu ya ule uliokuwepo. Kisha akanitazama kiatu, akatazama tofali. Nikaelewa ninaombwa nifanye nini. Nikatembea nami: moja, mbili, tatu, ile ya 22 ikaniacha mbali nyuma ya mstari wake, kiasi kwamba Baiskeli, aliyekuwa bado anahema na hasira, akasema "Haa!" na kunyamaza.

Nikamtuma mtu alete rula ya ubaoni. Unyayo wa Tausi ulikuwa sentimita 22. Soli ya kiatu changu, kutoka kisigino hadi ncha, sentimita 30. Tulifanya hesabu pale pale vumbini kwa kidole: 22 mara 22 ni sentimita 484. 22 mara 30 ni 660. Tofauti yake sentimita 176, karibu urefu wa mtu mzima. Siku ninayopima mimi, Tausi anaondoka Baiskeli akiwa zaidi ya mita sita na nusu nyuma yake, anapata nafasi ya kuchanganya. Siku wanayopima wao, anaondoka Baiskeli akiwa chini ya mita tano, naye Baiskeli anakuja na mwendo wa mita saba kwa sekunde. Hata angeondoka kama risasi angegongwa tu. Alikuwa akitii alama barabara kila siku. Alama ndiyo ilikuwa ikihama.

Kilichonisumbua zaidi ni kwa nini wengine hawakugongana, maana wote niliwapa 22. Nilikaa nalo jioni ile nikaliona. Mlingoti alikuwa akivaa raba za kaka yake, ndefu karibu kama kiatu changu, kwa hiyo 22 zake na 22 zangu hazikupishana sana. Baiskeli alikuwa na unyayo mfupi, lakini aliyemletea kijiti ni yule binti wa kwanza, mzito kuliko wote, na kwa mtu mzito alama fupi ndiyo inayomfaa. Siku niliyopima mimi ndipo binti yule alihangaika kumfikia Baiskeli mpaka mwisho wa eneo, nami nikasema amechoka. Kosa moja lilikuwa limefichwa na raba upande mmoja na uzito upande mwingine, likabaki wazi kwa mtu mmoja tu, mwenye mguu mdogo kuliko wote anayeletewa kijiti na mwenye mbio kuliko wote. Na huyo alikuwa yule asiyeweza kusema.

"Ulijua tangu lini?" nilimuuliza.

"Ijumaa."

Ijumaa ndiyo siku niliyomwambia yupo yupo tu.

Nilimwomba radhi. Si jambo linalofanyika sana shuleni kwetu na sikulifanya vizuri, nilisema kitu kama "basi kosa lilikuwa langu, tuendelee," na Baiskeli akatazama pembeni. Kisha nikampa Tausi kazi: ajipimie alama yake mwenyewe, kwa nyayo zake, na yeye ndiye aseme isogee wapi.

660 gawanya kwa 22 ni 30. Akaanza na nyayo 30 zake. Kijiti kikapita, kizuri, ila mapema kidogo, bado hajakolea. Nikataka kusema kitu, nikaumeza ulimi. Alirudi kwenye alama, akasimama, akaongeza mbili. Kanuni yenyewe ni rahisi ukishaijua: ukigongwa, alama irudi nyuma zaidi, uondoke mapema. Ukikimbia na mwenzako akashindwa kukufikia, isogee karibu. Kwa 32 kijiti kilipita wakiwa wamevuka katikati ya eneo, na sikusikia hata mguso. Mara ya nne Baiskeli alishindwa kumfikia kabisa, akabaki ananyoosha mkono hewani, na Tausi akaanza kusogea kwenda kupunguza.

"Usipunguze," nikasema. Hilo nililijua. Baiskeli alikuwa amekimbia mara nyingi, amechoka. Ukirekebisha alama kwa mtu aliyechoka, siku ya mashindano akija mzima atakukanyaga. Alama inapangwa mapema, miguu ikiwa mipya, na ikishakubali haiguswi tena jioni ile. Tausi akanitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu anijue, kama anayepima kama safari hii naweza kuaminiwa. Akaiacha 32. Ijumaa alikuja na kipande cha kamba ya katani kutoka dunguni, ameifunga fundo kwenye mita saba na punje, ili asihesabu tena nyayo mtu akimsemesha. Kopo moja lilikuwa bado limening'inia nchani. Wiki iliyofuata saa yangu ilisoma 57.6.

Lakini Jumatano hiyo bado haijaisha. Ilibaki kazi ya pili, ya kutoa.

Tulihamia eneo la mwisho, Tausi kwa Mlingoti. Mara ya kwanza "Shika" haikusikika. Mara ya pili Mlingoti aligeuka. Nikawaita, nikawaambia jambo ambalo ni kweli: siku ya mashindano kila shule itakuwa ikipiga kelele "Shika!" kwenye eneo hilo hilo kwa sekunde hiyo hiyo, na mtu anaweza kunyoosha mkono kwa sauti ya jirani. Timu ikiwa na neno lake peke yake ni bora. Nikasema, bila kumtazama mtu, kwamba si lazima liwe neno hata. Lolote ambalo hata ndege wa ng'ambo ya shamba wangelisikia.

Wengine hawakuelewa. Tausi alikaza taya, akaenda kwenye mwanzo wa kona.

Alikuja kwa ile njia yake, amelala kuelekea ndani, kijiti mkono wa kulia. Akakanyaga alama, Mlingoti akaondoka. Hatua, hatua, hatua. Nikaona kifua cha Tausi kinajaa.

"Huyaaah-wé!"

Mlingoti baadaye alisema hakunyoosha mkono, mkono ulijinyoosha. Kijiti kikakaa kiganjani mwake wa kushoto kama kimegundishwa, naye akakimbia hizo mita 100 kuliko alivyowahi kukimbia, kwa hofu tu nadhani. Kwenye netiboli mpira ulisimama. Dirisha la ofisi likafunguka, mwalimu mkuu akatoa kichwa, akaona ni sisi, akakirudisha. Halafu kicheko, cha uwanja mzima.

Niliogopa kile kicheko. Nilimtazama Tausi. Alikuwa ameshika mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yanatikisika, na ilinichukua muda kuona kwamba naye anacheka.

Wakarudia. Safari hii Mlingoti, kwa udadisi wa kutaka kumwona akipiga ile kelele, aligeuza shingo katikati ya eneo. Mabega yakageuka, mwendo ukafa, kijiti kikagonga kifundo cha mkono na kwenda kubingirika nyasini. Kijiti kikianguka kabla mpokeaji hajakimiliki, anayekiokota ni yule anayetoa, kwa hiyo Tausi alikwenda kukiokota. Akakifuta vumbi kwenye sketi. Mlingoti alikuwa Darasa la Saba, anamzidi kichwa kizima na mwaka mzima, tena ni kiranja.

"Usigeuke," Tausi akamwambia. "Mimi nipo."

Mlingoti akafungua mdomo, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa naangalia filimbi yangu.

"Haya, turudie," akasema Tausi, akaanza kutembea kurudi kwenye kona bila kungoja kuona kama tunamfuata.

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye miembe. Nilikuwa nimepanga kuwaachia saa kumi na moja na nusu, na tulikuwa tumeshaipita. Mlingoti akavua raba za kaka yake, akaziweka pembeni, akaanza kupima upya kwa miguu yake mwenyewe.